Namna ya Kuuliza "Ada Yako Ni Ngapi?" Bila Kuona Haya

Nenda soko la samaki Malindi asubuhi, mashua zikisharudi, umtazame shangazi yangu akinunua changu. Atafunua shavu la samaki aone wekundu wake. Atamwuliza mchuuzi amevuliwa saa ngapi, atasema bei hiyo ni ya kumwambia Mtaliano, ataondoka hatua tatu, ataitwa, atarudi. Kwa shilingi 50 yuko tayari kusimama juani nusu saa. Kisha mtie shangazi huyohuyo katika ofisi ya tiketi za ndege, yenye kipoza hewa na kiti cha kuzunguka. Kijana wa kaunta amwamkie shikamoo, abonyeze bonyeze kompyuta, amtajie bei ya watu wanne kwenda Nairobi na kurudi: shilingi 56,800. Shangazi atafungua mkoba papo hapo. "Haya, mwanangu. Andika."

Hiyo "haya" ndiyo iliyonikalisha kitako niandike mwongozo huu. Ni haya ya kukubali, na ndani yake imo haya nyingine, ile ya kuogopa kuonekana mshamba. Mtu wa pwani anayejua bei ya nazi katika kila kibanda kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui huona aibu kuuliza, katika hizo 56,800, ngapi zinakwenda kwa ndege na ngapi zinabaki kwenye meza ile. Nami nasema tuulize. Ukiuliza hujamtukana mtu. Ada ya huduma ni malipo ya kazi, na kazi yenye malipo halali ina jina na ina bei.

Hatua ya kwanza, basi, ni kujizoeza sentensi yenyewe ukiwa nyumbani, mbele ya kioo ukitaka: "Nauli ya ndege ni ngapi, na ada yako ni ngapi?" Itamke mara tatu. Iwe na upole uleule wa kumwuliza fundi cherehani bei ya kitambaa na bei ya kushona. Hakuna fundi aliyewahi kukasirikia swali hilo.

Sasa tuone kwa nini ada hii ipo, maana msafiri anayejua ilikotoka huuliza kwa kujiamini zaidi. Zamani ajenti wa tiketi hakumtoza abiria kitu. Alilipwa na shirika la ndege lenyewe, sehemu fulani kwa kila mia ya nauli, kama dalali wa nyumba anayelipwa na mwenye nyumba. Ulikwenda ofisini, ukaandikiwa kile kijitabu cha karatasi chenye kurasa nyembamba na wino mwekundu mgongoni, ukalipa nauli, ukaondoka. Kisha mwaka 1995 shirika la Delta la Marekani likaweka kikomo cha dola 50 kwa kamisheni ya tiketi ya ndani ya kwenda na kurudi, na mwaka 2002 likaiondoa kamisheni ya kawaida kabisa. Mengine yakafuata, na upepo ule ukavuka bahari mpaka ukafika huku kwetu. Tarehe 1 Juni 2008 chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kikazika rasmi tiketi ya karatasi. Tangu hapo tiketi ni maandishi ndani ya kompyuta, na shirika linaweza kumwuzia abiria moja kwa moja akiwa kwake Ganda au Kibarani, simu mkononi.

Ajenti akabaki na kodi ya ofisi, mshahara wa kijana wa kaunta, na kamisheni iliyonyauka. Ndipo akaanza kumtoza abiria. Mashirika nayo yakaona kwamba ofisi zao wenyewe na vituo vyao vya simu vinakula pesa, na mengi yakaweka ada kwa anayenunua huko badala ya kwenye tovuti. Lufthansa ilifika mbali zaidi. Septemba 2015 ilianza kutoza yuro 16 kwa kila tiketi iliyopitia mitambo ya kuuzia tiketi ambayo maajenti huitumia, mitambo kama Amadeus, Sabre na Galileo. Mgeni wa Watamu aliyenunua kwenye tovuti ya Lufthansa hakulipa yuro hizo. Jirani yake aliyenunua kwa ajenti wa mtindo wa kale alizilipa, hata kama wote wawili waliketi safu moja wakila mkate uleule.

Kwa hiyo kiti kimoja cha ndege kina milango mitatu ya kukifikia, na kila mlango una bawabu wake. Tuingie wa kwanza, wa ofisini, kwa hesabu ya shangazi. Bei za ndege hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo zichukue nambari hizi kama mfano wa kukuonyesha njia ya kuhesabu.

Tulikuwa wanne: shangazi, mimi, na watoto wawili wa marehemu binamu yangu, wote wamepita umri wa miaka miwili, kwa hiyo kila mmoja na kiti chake. Malindi kwenda Nairobi, Alhamisi, kurudi Jumatatu. Kaunta ilitaja 56,800 kwa mkupuo mmoja. Nikampa shangazi maji, nikaomba dakika tano, nikafungua tovuti ya shirika lenyewe kwenye simu yangu, siku ileile, ndege ileile, watu wanne. Tovuti ikataja 6,600 kwa kila mtu kwa kila safari. Watu wanne kwa safari mbili ni viti vinane, na 6,600 mara nane ni 52,800. Tofauti ni 4,000. Gawanya kwa nane, utapata 500.

Hapo ndipo swali likatoka, na kijana wa kaunta, kwa adabu kabisa, akajibu: "Ada ni mia tano, bwana." Mia tano ni bei ya sahani mbili za pilau. Alichokuwa hajakisema, na ambacho hakuna aliyemwuliza, ni kwamba mia tano hiyo ni kwa kila mtu, tena kwa kila safari. Huu ndio moyo wa jambo zima, na ningependa msomaji aukunje ukurasa hapa. Ukiambiwa ada, uliza inahesabiwaje: kwa oda nzima, kwa kila abiria, au kwa kila abiria kwa kila safari? Mia tano ya oda nzima ni mia tano. Mia tano ya kila abiria kwa kila safari, kwa familia ya watu wanne inayokwenda na kurudi, ni elfu nne. Neno ni lilelile, mdomo ni uleule, na pesa zimezaa mara nane.

Dalili nyingine ya kujua kilichoongezwa iko kwenye karatasi. Karatasi anayokupa ajenti mara nyingi ni ratiba tu, yenye nembo ya ofisi yake na jumla moja kubwa chini. Omba pia risiti ya tiketi ya shirika lenyewe. Hiyo hutenganisha nauli, kodi na tozo, kisha jumla. Kwenye safari za nje utakuta humo herufi YQ au YR, ambazo ni nyongeza ya shirika lenyewe, kwa hiyo usimlaumu ajenti kwa hizo. Ada ya ajenti kwa kawaida haimo katika risiti ya shirika, kwa sababu si pesa ya shirika. Toa jumla ya risiti hiyo katika pesa uliyolipa, na kilichobaki ndicho cha ofisi. Ukikuta mahali pa nauli pameandikwa IT au BT badala ya nambari, hiyo ni nauli ambayo ajenti ameinunua kwa bei ya jumla na kukuuzia kwa bei yake, na karatasi haitakuambia faida yake. Katika hali hiyo linganisha na tovuti, basi.

Kuna namba moja zaidi ya kuitafuta kabla hujainuka kwenye kiti kile cha kuzunguka. Zile herufi na tarakimu sita ambazo ajenti husema ni "booking" zinaonyesha kwamba jina lako limeingia katika mtambo. Hazithibitishi kwamba tiketi imelipiwa. Mtambo huweza kukishika kiti mpaka muda fulani, na muda ukipita kabla ya malipo, kiti hurudi kwa wenye pesa bila kukuaga. Tiketi yenyewe, kwa mashirika yanayotumia mtindo wa IATA, ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika. Za Kenya Airways ni 706. Mashirika mengi ya bei nafuu hayatoi namba hiyo ndefu, na kwao oda ikishaonekana imelipwa yatosha. Njia ya kuhakiki ni moja kwa wote: ingia kwenye tovuti ya shirika, weka zile herufi sita na jina lako la mwisho, uone safari yako imethibitishwa. Fanya hivyo ukiwa bado ofisini. Ajenti mwaminifu atakusaidia kuifungua. Atakayeanza kutafuta funguo za choo, kaa naye.

Mlango wa pili ni simu. Hapa ada huenda ikawepo au isiwepo, kulingana na shirika, na swali ni lilelile. Tahadhari ya kwanza ni namba yenyewe: ichukue kwenye tovuti ya shirika au kwenye tiketi ya zamani, usiichukue kwenye ukurasa wowote wa mitandao ya kijamii unaojiita huduma kwa wateja, kwa maana matapeli hupenda sana kupigiwa na mtu mwenye haraka. Tahadhari ya pili ni jina, na hapa watu wa Kilifi tuna kazi kubwa kuliko wengine wote nchini.

Chukua jina kama Kadzo Tsuma. Kwa Mgiriama hilo ni jina jepesi kama maji. Mpigie sasa kijana aliyeko kituo cha simu Nairobi, sikioni ana vifaa, pembeni yake wenzake ishirini wanaongea. Utasikia "Kazo Suma". Utarudia, utasikia "Kajo Zuma". Na kwenye uwanja wa ndege atakayesimama na kitambulisho mbele ya dirisha ni Kadzo Tsuma. Herufi moja au mbili mara nyingi hurekebishwa bila zogo, lakini jina likiwa limekwenda mbali na lile la kwenye kitambulisho, shirika linaweza kukutoza marekebisho au kukutaka ununue tena.

Basi tayarisha herufi kabla hujapiga. Usiseme "di" ukanyamaza, kwa sababu "di", "bi" na "pi" ni ndugu wa tumbo moja kwenye simu. Sema K ya Kilifi, A ya Asha, D ya Daudi, Z ya Zanzibari, O ya Omari. Kisha mwambie akusomee yeye, herufi kwa herufi, usiridhike na "sawa nimepata". Tena jua majina mawili ya kutumia. Kitambulisho chetu kina majina matatu yaliyofuatana, na mtambo unataka jina la kwanza na jina la mwisho. Kwa safari ya nje fuata pasipoti, ambayo imekwisha kuamua lipi ni la ukoo. Na ujumbe wa uthibitisho ukifika, usome ukiwa bado hujakata simu, hata kama salio linalia.

Ukiniuliza kama ada ya simu au ya ofisi ina wakati inastahili kulipwa, nitajibu ndiyo bila kusita, na mfano wangu ni magoti ya shangazi. Uwanja wa Malindi ni mdogo. Hakuna daraja la kukutoa jengoni mpaka mlangoni mwa ndege. Unatembea juani juu ya lami, kisha unapanda ngazi. Ndege zinazotua pale ni ndogo, mfano wa Dash 8 za Jambojet, na ngazi zake ni chache lakini zimesimama. Mtu asiyeweza ngazi huhitaji msaada ulioandikwa mapema katika oda yake, na msaada huo una herufi zake. WCHR ni ya mtu anayepanda ngazi mwenyewe ila hawezi kutembea mbali. WCHS ni ya asiyeweza ngazi, lakini ndani ya ndege anaweza kujikongoja mpaka kitini. WCHC ni ya asiyeweza kutembea kabisa, wa kubebwa mpaka kitini.

Watu husema tu "aletewe kiti cha magurudumu", na anayeandika huweka WCHR, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Siku ya safari kiti kinakuja kweli, kinamsukuma bibi mpaka chini ya ngazi, na hapo kinasimama. Juu kuna ngazi, chini kuna bibi, na kijana wa kiti amefika mwisho wa kazi aliyoandikiwa. Kwa hiyo ukipiga simu au ukiwa ofisini, sema wazi: "Hawezi kupanda ngazi, andika WCHS." Mtu hai upande wa pili wa meza, anayeijua tofauti hiyo na kuithibitisha na shirika, anastahili ada yake, na shangazi angemlipa kwa moyo mkunjufu kama angeambiwa analipia nini. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayesafiri peke yake, kwa kundi la harusi la watu kumi na zaidi, ambalo mashirika mengi huliuzia kwa utaratibu wake tofauti na ule wa tovuti, na kwa safari yenye mashirika mawili matatu ndani yake. Mtu anayekwenda Maskati kwa kuunganisha ndege Nairobi anafaa awe na tiketi moja kwa safari nzima, ili ya kwanza ikichelewa ya pili iwe ni shida ya mashirika, isiwe yake. Ajenti mzuri hulijua hilo kabla hujamaliza kumweleza.

Nauli ya mtu mmoja mwenye magoti mazima, Malindi mpaka Nairobi, hiyo nunua mwenyewe.

Na huo ndio mlango wa tatu, wa mtandaoni, ambao una bawabu asiyeonekana. Kwanza hakikisha uko kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Ukiandika "tiketi Malindi Nairobi" kwenye kitafutio, mara nyingi vinavyokuja juu ni maduka ya kati, na hayo ni maajenti wale wale waliovua tai, nao wana ada inayojitokeza katika ukurasa wa mwisho. Pili, tazama uwanja. Malindi ni MYD, lakini Nairobi ina viwanja viwili: ndege nyingine hutua Jomo Kenyatta, NBO, nyingine Wilson, WIL. Nauli nafuu ya kukushusha upande usiokwenda huliwa na teksi. Anayekaa Kilifi mjini naye apime, kwani yuko karibu katikati ya Malindi na Mombasa, kilomita kama 60 kila upande. Mombasa, MBA, ina ndege nyingi zaidi na huenda ikawa na bei ya chini, ila kati yake na ndege hiyo kuna foleni ya Mtwapa, ambayo haijali saa ya kuondoka.

Tatu, kuna mbinu ambayo maajenti wenye uzoefu huijua na ni haki nawe uijue. Viti vya ndege moja huuzwa kwa mafungu ya bei: vichache vya bei ya chini, vingine vya juu yake, na kuendelea. Ukiomba viti vinne pamoja na fungu la chini limebakiwa na viwili, mtambo haukupi viwili vya rahisi na viwili vya ghali. Unawapandisha wote wanne kwenye fungu la juu. Siku ile ya shangazi nilijaribu kuomba kiti kimoja, nikaona 5,900. Viwili, 5,900. Vitatu, 6,600. Fungu la chini lilikuwa na viti viwili. Nikanunua kwa oda mbili, kila mtoto na mtu mzima wake, nikaokoa 700 kwa kila mmoja wa wawili wale katika safari ya kwenda, yaani 1,400. Kurudi hakukuwa na nafasi ya hila hiyo. Bei ilikuwa moja kwa wote. Gharama yake ni kwamba oda mbili ni safari mbili machoni pa shirika, na ndege ikiahirishwa mnaweza kuhamishwa kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo kamwe usimtenge mtoto na mtu mzima wake kwa ajili ya mia saba.

Nne, malipo. Ukichagua M-Pesa, simu italeta ujumbe wa kuweka namba ya siri. Mtandao wa Malindi una siku zake. Inatokea pesa imekatwa, na ukurasa wa shirika bado unazunguka na kuzunguka. Usilipe tena. Ujumbe wa M-Pesa una msimbo wa herufi na tarakimu kumi. Huo ndio ushahidi wako. Subiri, tazama baruapepe, kisha piga simu ya shirika uwasomee msimbo huo, kwa mtindo uleule wa K ya Kilifi. Aliyelipa mara mbili kwa hofu hutumia wiki kadhaa kudai moja, na pesa zake zinakaa pahali ambapo yeye hawezi kukaa.

Nimeacha mwisho jambo ambalo lilituumiza kweli. Baada ya safari ile, shangazi alirudi Nairobi peke yake, mwezi wa tatu uliofuata, kumwona daktari wa mifupa. Mimi nilikuwa safarini. Akaenda ofisi nyingine ya tiketi, akalipa ada bila kuuliza, akaandikiwa WCHS sawasawa kama nilivyomfundisha. Siku ya kurudi akafika uwanjani saa mbili kabla ya muda, na ndege ilikuwa imeondoka asubuhi. Shirika lilikuwa limesogeza ratiba siku nne kabla. Lilituma ujumbe. Lilituma kwa namba ya simu na baruapepe zilizokuwa ndani ya oda, na zote mbili zilikuwa za ajenti. Ajenti alikuwa na oda nyingi, ujumbe ukapita. Shangazi alilala kwa mkwe wa jirani Eastleigh usiku ule, na mguu umevimba.

Nilipompigia ajenti, hakukana. Alisema ndivyo wanavyofanya, wanaweka mawasiliano ya ofisi ili mteja asisumbuliwe. Nadhani sababu nyingine ni kwamba mteja mwenye mawasiliano yake ndani ya oda anaweza safari ijayo kununua mwenyewe. Shirika lilimhamishia ndege ya kesho yake bila malipo, kwa sababu wao ndio waliobadilisha saa. Kama angekuwa yeye aliyebadilisha tarehe, hesabu ingekuwa tofauti: tozo ya shirika ya kubadilisha, tofauti ya nauli ikiwa fungu lake limekwisha, na juu yake ada nyingine ya ajenti kwa kuigusa tiketi mara ya pili. Na safari ikifutwa kabisa, kile kinachorudi ni cha shirika. Ada ya kwanza ya ofisi kwa kawaida hairudi, kwa hoja kwamba kazi ilishafanyika. Hayo nayo ni ya kuuliza siku ya kwanza, kabla ya mkoba kufunguliwa: "Nikibadilisha, unatoza tena? Nikifuta, ada yako inarudi?"

Na habari ya mawasiliano ni hiyohiyo kwa kijana wa saiba anayekununulia tiketi kwa mia mbili. Mia mbili yake ni halali na ni nafuu kuliko ofisi yoyote. Simama nyuma yake tu, na kwenye visanduku vya simu na baruapepe uhakikishe zinaandikwa zako. Kama huna baruapepe, weka ya mtoto au mpwa anayeisoma. Nayo ikiwa imeshaandikwa ya mwingine, ingia kwenye oda kwa zile herufi sita, au lipigie shirika, ubadilishe.

Mwaka huu shangazi alisafiri tena. Alikwenda ofisini, kwa sababu anapenda kumwona mtu anayemwuzia, na kwa sababu ya ngazi. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikanyamaza. Akaitikia shikamoo ya kijana, akaweka mkoba magotini ukiwa umefungwa, akauliza nauli ni ngapi na ada ni ngapi. Akauliza ni kwa kila safari au kwa oda nzima. Kijana akasema kila safari. Shangazi akasema hiyo ni bei ya kumwambia Mtaliano, akaanza kuinuka, akaitwa, akarudi, ikawa ya oda nzima. Kisha akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akamsomea namba yake mwenyewe tarakimu kwa tarakimu, akamtaka amsomee tena.

Usiku wa kuamkia safari ujumbe uliingia saa tatu: ndege itaondoka dakika arobaini kabla ya saa yake. Aliusoma kwa sauti, akanipigia nimwambie mwenye tuktuku aje mapema.